SAMBUSA YA MOTO NA SAMBUSA YA VUGUVUGU
(Mazungumzo mafupi ya redio kwa wauzaji wapya)

Sisi tunaokaanga sokoni karibu na stesheni tungependa kusema na ninyi mnaoanza kazi hii. Twachagua sambusa ya nyama, kwa sababu hiyo ndiyo inayoharibika upesi kuliko mandazi. Mnunuzi wetu mkubwa ni kibarua. Akiumwa tumbo kesho, hafiki kazini, na siku hiyo hana malipo.

Jambo la kwanza ni nyama ya ndani. Ikaangeni mpaka ikauke maji. Kisha msiiache ipoe ndani ya sufuria yenye kina, maana katikati hukaa vuguvugu kwa saa nyingi, na huo ndio moto ambao vijidudu hupenda kuzaliana. Itandazeni nyembamba juu ya sinia safi, mfunike kwa wavu ili nzi wasitue. Ikiisha kupoa, fungeni sambusa mara moja mkaange, wala msiiweke nyama hiyo mezani mpaka mchana.

Jambo la pili ni kukaanga kwa kiasi. Tuseme unazo sambusa 60, na wafanyakazi hutoka saa sita na nusu. Karai lako hubeba 10, na kila mkaango huchukua kama dakika tano. Mwenye haraka huzikaanga zote 60 saa tano akae kungoja, na wanunuzi wakija zimekwisha kulegea na kupoa. Sisi huanza saa sita na robo. Saa sita na dakika ishirini na tano tunazo 20 za moto. Kila zikiuzwa 10, tunatia 10 nyingine. Ambazo hazijakaangwa hukaa zimefunikwa mahali pa baridi, wala hatufungi nyingi kuliko zile tunazoweza kuuza mchana ule.

Mafuta yajaribuni kwa kipande kidogo cha unga. Kikizama na kukaa chini, mafuta bado, na sambusa itayanywa. Kikipanda juu upesi na kutoa mapovu, ni tayari. Kikiwa cheusi mara moja, punguzeni makaa. Makombo yanayobaki yatoeni kwa kijiko cha matundu kila baada ya mkaango, maana yakiungua huyafanya mafuta kuwa meusi na machungu. Mafuta yanayotoa moshi hata moto ukiwa mdogo, au yenye povu lisilokwisha, yamekwisha kazi. Kuyaongezea mafuta mapya hakuyaponyi.

Jambo la tatu ni mahali pa kuwekea. Wengi hufunika sambusa kwa karatasi ya plastiki au mfuniko uliobana. Mvuke hauna pa kutokea, hugeuka maji, na ganda hulegea. Sisi hutumia debe safi lililokatwa upande wa juu. Chini tunaweka makaa machache yaliyofunikwa kwa majivu, juu yake wavu wa chuma, na sambusa zimesimama juu ya wavu mstari mmoja, zisipandane. Mfuniko tunauacha wazi kidogo. Msitandike gazeti, kwa kuwa wino wake huingia katika mafuta ya chakula.

Mtajuaje kama debe lina moto wa kutosha? Ipasueni moja ambayo haitauzwa. Nyama ya katikati iwe ya moto hata kidole kisivumilie. Mwenye kipima joto atake digrii 60 au zaidi. Ikiwa chini ya hapo, hesabuni saa mbili tu, kisha isiuzwe tena.

Hapa wengi hukosea. Sambusa iliyopoa tangu asubuhi huitumbukiza katika mafuta tena. Ganda hung'aa, ndani ni vuguvugu vile vile. Tena kuna vijidudu vitokavyo mikononi na puani mwetu, ambavyo vikiisha kuzaliana huacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata kwa kukaanga upya. Kwa hiyo mwenye kidonda mkononi asifunge sambusa siku hiyo.

La mwisho ni fedha. Ikiwa mko wawili, mmoja ashike sambusa na mwingine ashike sarafu na simu. Ukiwa peke yako, toa sambusa kwa koleo, na mnunuzi atie sarafu bakulini mwenyewe. Chenji ukiitoa, nawa kwa sabuni na maji ya kumimina kabla ya kugusa unga tena. Beseni moja la kuchovya wote si kunawa.

Saa nane tunahesabu zilizobaki. Zikiwa nne, kesho tunafunga 56. Hasara ya sambusa nne twaijua kiasi chake. Hasara ya watu wanne walioumwa katika karakana moja hatuijui mwisho wake, maana kesho yake hakuna anayekuja mezani kwetu.