Shayiri Isiyogeuka Bokoboko

Leo tunapika shayiri iliyokobolewa, kwa kipimo cha kikombe kimoja. Ichambue, kisha ioshe mpaka maji yasiwe meupe, kwani unga unaoganda kwenye punje ndio huzinatisha. Chemsha vikombe 3 vya maji na chumvi, mimina shayiri, punguza moto, funika. Usikoroge, maana ukikoroga punje hupasuka na kutoa wanga.

Baada ya dakika 25, tafuna punje moja. Ikiwa na kiini kigumu, ongeza dakika 5, ujaribu tena. Ikilainika bila kupondeka, epua na uchuje maji yaliyobaki. Ukisubiri yakauke motoni, utapata bokoboko. Irudishe shayiri sufuriani, funika dakika 10 bila moto, kisha pakua.