Bahari Iliyojazwa na Mvua: Methani katika Titani, Mwezi Mkubwa wa Zohali



Tarehe 23 Mei 2013, chombo cha angani kiitwacho Cassini kilipita juu ya bahari iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya Titani, mwezi mkubwa kuliko miezi yote ya sayari ya Zohali. Rada yake ilielekezwa chini moja kwa moja. Katika sehemu kubwa ya bahari hiyo, kila pigo la rada lilirudisha miangwi miwili badala ya mmoja. Jioni ya leo nitaeleza miangwi hiyo ilitoka wapi, na kwa nini inatufanya tuamini kwamba bahari hiyo, iitwayo Ligeia, pamoja na mito inayoingia humo, ni kazi ya mvua.

1. Mahali ambapo methani hunyesha

Titani iligunduliwa na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1655. Kipenyo chake ni kilomita 5,150, hivyo ni kubwa kuliko sayari ya Utaridi. Ndiyo mwezi pekee katika mfumo wetu wa jua wenye angahewa nzito. Hewa yake ni nitrojeni kwa sehemu kubwa, na karibu na ardhi methani hufikia takriban asilimia 5. Kanieneo ya hewa hiyo ni mara moja na nusu ya ile tunayoishi nayo, na baridi yake ni ya nyuzi 179 chini ya sifuri.

Jambo la msingi limo katika nyuzi hizo. Katika baridi ya namna hiyo maji ni magumu kama mwamba, na kwa kweli ndiyo mwamba wenyewe wa Titani. Methani, ambayo kwetu ni gesi ya kupikia itokanayo na samadi, na ambayo chini ya Ziwa Kivu imeyeyuka ndani ya maji kwa wingi, kule hukaa karibu na mahali inapobadilika hali. Huganda kwenye nyuzi 182 chini ya sifuri, na katika kanieneo ya kawaida ya Dunia huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri. Kwa hiyo inaweza kuwa mvuke, wingu, tone na mto, kama maji yalivyo hapa kwetu.

Mvua yenyewe ni tofauti na tuliyoizoea. Uvutano wa Titani ni kama sehemu moja ya saba ya ule wa Dunia, na hewa yake ni nzito. Kwa hesabu za fizikia, tone kubwa la methani linaweza kufikia karibu sentimita moja kwa upana bila kupasuka, na huteremka kwa mwendo wa mita 1.6 hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Tone likianza safari kilomita moja juu ya ardhi, litachukua zaidi ya dakika kumi kufika chini.

Mvua hizo ni nadra, kwa sababu jua linalofika kule ni dhaifu mno na huvukiza methani polepole. Lakini hewa ya Titani hubeba akiba kubwa. Mvuke wote wa maji ulio juu ya vichwa vyetu ungegeuka kuwa maji, ungefunika Dunia kwa kina cha sentimita mbili na nusu hivi. Methani yote ya hewa ya Titani ingefunika mwezi ule kwa kina cha mita kadhaa. Ndiyo maana mvua inaweza kukosekana mahali pamoja kwa miaka mingi, na ikija ikaja na mafuriko.

Mvua kama hiyo tumeiona athari yake. Mwishoni mwa Septemba 2010, wingu kubwa lilitokea kwenye ikweta ya Titani, katika ukanda wa matuta ya mchanga uliodhaniwa kuwa jangwa. Wiki chache baadaye, eneo la kilomita za mraba zipatazo 500,000 lilikuwa limekuwa jeusi zaidi. Badiliko hilo lilifuata wingu, na katika miezi iliyofuata sehemu kubwa ya eneo ilirudia rangi yake ya awali. Upepo ukihamisha mchanga hauachi alama ya namna hiyo. Ardhi iliyolowa kisha ikakauka ndiyo huiacha.

2. Je, weusi ni kimiminika?

Chombo kidogo kilichobebwa na Cassini, kilichopewa jina la Huygens, kilitua Titani tarehe 14 Januari 2005. Kikiwa kinashuka kilipiga picha za mifereji yenye matawi, inayoungana kama vijito vinavyokusanyika kuwa mto. Kilipotua kilikuta mawe ya barafu yaliyolainishwa pembe zake, kama yale yanayoviringishwa na maji ya mto. Joto la chombo lilipoifikia ardhi, methani iliongezeka katika hewa iliyopimwa. Udongo ulikuwa na unyevu, ingawa mto haukuwepo.

Maziwa yenyewe yalionekana kwa rada Julai 2006, karibu na ncha ya kaskazini, yakiwa mabaka meusi yenye kingo zilizochongeka kama fukwe. Hapa ni lazima mtafiti awe mwangalifu. Katika picha ya rada, weusi maana yake ni kwamba mawimbi hayakurudi kwa chombo. Uwanda wa kitu kigumu kilicho laini ungeweza kuonekana hivyohivyo.

Shaka hiyo ilipunguzwa kwa ushahidi wa aina mbalimbali. Tarehe 8 Julai 2009, kamera ya mwanga wa infraredi ilinasa mng'ao wa jua ukiakisiwa kutoka kaskazini mwa Titani, kama unavyong'aa juu ya maji yaliyotulia. Kabla ya hapo, Desemba 2008, rada ilipigwa wima juu ya ziwa la kusini mwa Titani liitwalo Ontario, na mwangwi ukarudi kwa nguvu nyingi kiasi cha kukizidi kipokezi. Kwa upande mmoja hilo lilikuwa hasara, kwa kuwa kipimo kilichozidiwa hukata kilele cha ishara. Kwa upande mwingine lilitueleza jambo: ni uso laini mno, wenye mikunjo isiyozidi milimita chache, unaoweza kuakisi hivyo. Hata hivyo hatukujua kina. Huenda lilikuwa dimbwi tu.

3. Mwangwi wa pili

Turudi sasa kwa Bahari ya Ligeia. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 126,000, karibu mara mbili ya Ziwa Viktoria. Mawimbi ya rada ya Cassini yalikuwa na urefu wa sentimita 2.2 hivi. Katika maji ya bahari zetu mawimbi ya namna hiyo hufa ndani ya milimita chache, na hakuna anayeweza kuona sakafu ya bahari kwa rada. Methani ya kimiminika haiyanyonyi hivyo. Sehemu ya pigo huakisiwa na uso, na sehemu nyingine huzama hadi sakafuni, hugonga, kisha hurudi.

Muda kati ya miangwi hiyo miwili ndio kipimo cha kina. Ndani ya methani ya kimiminika mawimbi ya redio husafiri kilomita zipatazo 230,000 kwa sekunde, badala ya 300,000 angani. Mahali penye kina kikubwa zaidi kwenye njia iliyopitwa na Cassini, mwangwi wa pili ulichelewa kwa takriban sehemu 1.4 za milioni ya sekunde. Zidisha muda huo kwa mwendo, utapata mita 320. Hiyo ni safari ya kwenda na kurudi, hivyo kina ni mita 160.

Hesabu ni nyepesi, lakini kazi haikuwa nyepesi. Mwangwi wa uso una nguvu nyingi, na mkia wake hufunika mwangwi dhaifu wa sakafu. Marco Mastrogiuseppe na wenzake walilazimika kuuchambua upya mkanda wa ishara ili kuitenganisha miwili hiyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Ishara ya kutegemewa ilikuwa hii: mwangwi wa pili haukukaa mbali na wa kwanza kwa umbali uleule. Ulikaribia karibu na ufukwe, ukaachana nao kuelekea katikati, ukachora bonde lenye umbo la kawaida. Hitilafu ya chombo isingejua ufukwe uko wapi.

4. Kilichomo ndani yake

Miangwi hiyo ilitupa jambo la pili, nami naliona kubwa kuliko kina. Kadiri bahari inavyozidi kwenda chini, mwangwi wa sakafu hufifia. Kasi ya kufifia kwake inategemea kimiminika kinanyonya mawimbi kwa kiasi gani. Ethani hunyonya zaidi kuliko methani.

Wengi walitarajia ethani. Mwanga wa jua huvunja methani katika anga za juu za Titani, na zao kuu la uvunjaji huo ni ethani, ambayo haivukizi kwa urahisi. Baada ya mamilioni ya miaka, bahari zilitarajiwa kuwa zimejaa masalio hayo. Lakini mwangwi wa Ligeia ulififia polepole mno kwa bahari ya ethani. Kimiminika kile ni methani kwa sehemu kubwa, kikiwa na nitrojeni iliyoyeyuka ndani yake na ethani kidogo.

Methani hiyo imetoka wapi? Siku hiyohiyo ya Mei 2013 rada ilivuka Vid Flumina, mto wenye urefu wa kilomita zaidi ya 400 unaoingia Ligeia, ambao ulipopigwa picha mwaka 2012 ulifananishwa na Nili ndogo. Katika matawi yake rada ilikuta makorongo yenye upana usiofika kilomita moja na kina cha mita mia kadhaa, hadi 570, na chini yake kimiminika kinachoakisi kama kioo. Barafu ngumu kama mwamba haichimbwi hivyo na mtiririko wa mara moja. Ni mvua iliyorudiarudia kwa muda mrefu, ikikusanyika mtoni na kuiletea bahari methani mpya. Ethani iliyokosekana yaelekea imesukumwa hadi Bahari ya Kraken iliyo kusini zaidi, au imefungiwa ndani ya ardhi.

5. Mipaka ya ushahidi huu

Agosti 2014 njia hiyohiyo ilitumika juu ya Kraken. Katika hori moja la kaskazini kina kilipimika, mita 85 hivi. Katikati ya bahari hakuna mwangwi wa sakafu uliorudi. Maelezo ni mawili: bahari ina kina kinachozidi uwezo wa rada, au kimiminika chake kinanyonya zaidi. Rada peke yake haiwezi kuyatenganisha, na asiyesema hivyo anawapa wasomaji uhakika asio nao.

Cassini ilimaliza kazi Septemba 2017. Chombo kijacho, Dragonfly, kimepangwa kurushwa mwaka 2028 na kufika mwaka 2034, lakini kitatua kwenye matuta karibu na ikweta, mbali na bahari za kaskazini. Kwa muda mrefu ujao, basi, tutakachokijua kuhusu Ligeia na Kraken kitatoka kwenye miangwi iliyokwisha kurekodiwa.

Rekodi hizo ziko wazi katika hazina ya data za sayari ya NASA, bila malipo. Kina cha Ligeia kilipatikana kwa kuchambua ishara kwa uvumilivu, na ziwa Ontario, ambalo mwangwi wake ulikizidi kipokezi, lilikuja kupimwa kina miaka kadhaa baadaye kwa njia hiyohiyo. Nawasihi wanafunzi wa fizikia na uhandisi wa mawasiliano mliomo ukumbini: chukueni data hizo, mzifanyie kazi hapahapa chuoni. Hisabati ya mwangwi mnaifundishwa tayari.