Barua Inayotangulia Zabuni: Maelezo kwa Vikundi vya Wazalishaji na Wafanyabiashara wa Kata

(Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa viongozi wa vikundi. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wasiohudhuria.)



Nimeombwa nizungumzie jambo linaloonekana dogo, nalo ni ile barua pepe fupi inayotangulia nyaraka za zabuni. Nianze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Zabuni za Halmashauri na taasisi nyingine za umma hupita katika mfumo wa NeST, kwenye anwani ya nest.go.tz. Huko ndiko pia zinakotolewa zabuni za makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, ambao sheria imewatengea asilimia 30 ya ununuzi wa umma. Anayetuma nyaraka hizo kwa barua pepe ya afisa ununuzi hajaomba zabuni. Ninayoyasema leo yanahusu wanunuzi wengine, ambao hapa kwetu ni wengi: kampuni zinazofanya kazi kuzunguka mgodi wa North Mara kule Nyamongo, kambi na hoteli za watalii upande wa Serengeti, shule binafsi na mashirika. Baadhi yao bado hupokea zabuni kwa barua pepe.

Tuchukue mfano. Kambi moja ya wageni karibu na Mugumu inataka maharage kilo 2,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Tangazo lina masharti matano: mzabuni awe na usajili na namba ya mlipakodi, awe na leseni ya biashara iliyo hai siku ya kufunga zabuni, maharage yafungwe katika mifuko ya kilo 50, mzabuni akubali kulipwa ndani ya siku 30 baada ya ankara kupokelewa, na awe amewahi kufanya kazi mbili zinazofanana na hiyo. Bei iwe halali kwa siku 60.

Vikundi vingi huandika hivi: "Tunaambatanisha nyaraka zetu na tunathibitisha kuwa tumetimiza masharti yote." Sentensi hiyo haimsaidii mtu yeyote. Anayepokea zabuni ana orodha ya masharti mbele yake na anaweka alama sharti kwa sharti. Akilazimika kufungua mafaili saba kutafuta leseni iko wapi, na faili lenyewe linaitwa IMG_2041.jpg, huenda asiifikie. Barua nzuri hufuata orodha yake, kwa namba zilezile za tangazo, na kumwonyesha ukurasa:

"Yah: Zabuni Na. 07, Usambazaji wa Maharage.

Tunawasilisha zabuni yetu kwa kazi iliyotajwa hapo juu. Viambatisho ni vitano:
K1 Cheti cha usajili na cha namba ya mlipakodi (kurasa 2)
K2 Leseni ya biashara (ukurasa 1)
K3 Jedwali la bei, lenye saini na muhuri (kurasa 2)
K4 Hati ya kupokelewa mzigo na barua ya mteja (kurasa 2)
K5 Muhtasari wa kikao uliomteua mwenyekiti kutia saini (ukurasa 1)

Sharti la 1: limetimizwa, tazama K1.
Sharti la 2: limetimizwa, K2 inaonyesha tarehe ya mwisho wa leseni, ambayo ni baada ya siku ya kufunga zabuni.
Sharti la 3: tunakubali, mifuko 40 ya kilo 50 kila mwezi, kama K3 ukurasa wa 1 unavyoonyesha.
Sharti la 4: tunakubali malipo ndani ya siku 30 baada ya ankara kupokelewa.
Sharti la 5: tumefanya kazi moja inayofanana, K4. Hatuna ya pili.

Bei zetu ni halali kwa siku 60 tangu siku ya kufunga zabuni."

Mwenyekiti mmoja alipoiona rasimu ya namna hii aliniuliza: mbona tunajichongea wenyewe katika sharti la tano? Swali lake ni la haki. Jibu langu ni kwamba mnunuzi ataona upungufu huo kwa vyovyote, kwa sababu K4 ina kazi moja tu. Kinachobaki ni kama ataona upungufu peke yake au upungufu pamoja na uongo. Lakini msingoje siku ya mwisho. Tangazo likisoma kwamba maswali yanapokelewa hadi tarehe fulani, ulizeni kwa maandishi kama kazi moja kubwa inakubalika badala ya mbili. Wakijibu ndiyo, ambatanisheni jibu hilo kama K6 na lirejeeni katika sharti la tano. Wakijibu hapana, mmeokoa muda wenu.

Sharti la nne ndilo ninalolihofia zaidi, kwa kuwa halidai karatasi yoyote. Kikundi huandika "tunakubali" kwa wepesi. Hebu tuhesabu. Mzigo wa mwezi wa kwanza unapelekwa, ankara inapokelewa siku chache baadaye, fedha zinaweza kuja siku ya 30. Kabla hazijafika, mzigo wa mwezi wa pili unatakiwa. Kwa hiyo kikundi lazima kiwe na mtaji wa kununua kilo 4,000 kabla ya kuona shilingi ya kwanza, na usafiri juu yake. Anayeandika neno hilo moja bila hesabu hiyo anajifunga kwa ahadi asiyoweza kuibeba, na mkataba ukivunjwa ndipo barua yake inaposomwa tena.

Sasa kutuma. Idadi ya viambatisho katika barua ilingane na idadi iliyoambatanishwa kweli. Nimewahi kuletewa barua iliyotaja viambatisho saba huku vikiwa sita. Kilichokosekana ni jedwali la bei, na kikundi hicho kiliondolewa katika hatua ya kwanza ingawa mazao yake yalikuwa safi. Yapeni mafaili majina yanayofanana na orodha, kwa mfano K2_Leseni.pdf. Picha za simu ni nzito, na Gmail haipeleki viambatisho vinavyozidi MB 25; vikizidi huwekwa kama kiungo, nacho mpokeaji anaweza kushindwa kukifungua. Wapokeaji wengine wana kikomo kidogo zaidi, basi someni tangazo. Kama linataka bei zitumwe katika barua pepe tofauti, msitaje bei hata mara moja katika barua hii.

La mwisho ni saa. Tangazo lililoandikwa kwa Kiingereza likisema 10:00 asubuhi, maana yake ni saa nne asubuhi kwa hesabu yetu. Wapo walioisoma kama saa kumi jioni. Na kinachohesabiwa ni saa ya kupokelewa, si ya kubonyeza. Mtandao ukikatika, hilo ni lako. Tumeni siku moja kabla, kisha ombeni mpokeaji athibitishe kwa maandishi kwamba ameona viambatisho vyote vitano. Asipojibu hadi jioni, pigeni simu kwa namba iliyo kwenye tangazo mkiwa bado na muda wa kutuma upya.