Tangazo la Kufuta Picha za Wateja

Tangazo la mwajiri linalowataka wafanyakazi waondoe mitandaoni taarifa za siri za wateja hufaa pale tu linapotaja kitu chenyewe. Mfano ni hospitali ya Kenya ambayo mhudumu wake amepiga picha ya sherehe ya wodini na kuiweka Facebook, huku nyuma yake ubao ukionyesha majina ya wagonjwa na maradhi yao. Agizo la "futeni yote yasiyofaa" halimsaidii mhudumu huyo, kwani yeye anaona keki tu. Tangazo zuri hueleza kwamba kinachotafutwa ni majina, nyuso, namba za faili na skrini za kompyuta zilizoingia kwenye picha, tena hutaja siku na saa ya mwisho.

Muda huo unapaswa kuwa mfupi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humpa mwajiri saa 72 tangu agundue uvujaji wenye hatari ya kweli ya madhara awe amemwarifu Kamishna wa Data. Kwa hiyo mfanyakazi huanza kwa kumpa msimamizi nakala na kumweleza picha ilikaa hewani kwa muda gani, kisha huifuta. Akifuta kimyakimya, hospitali haitajua ni mgonjwa yupi wa kuarifiwa. Kufuta nako hakurudishi nakala ambazo watu wameshazihifadhi, hivyo wajibu wa kumwarifu mgonjwa hubaki palepale.