Kichwa cha Mama Kinapobadilika Kabla Hedhi Haijakoma

Neno hili ni la kina mama waliopita miaka 40, lakini baba, na wewe usifunge gazeti.

Wengi wetu tunakijua kipandauso. Kichwa kinagonga, mara nyingi upande mmoja, tumbo linachafuka, mwanga na kelele havivumiliki. Kisipotibiwa hukaa saa 4 hata siku 3. Kwa kina mama wengi kilikuwa na ratiba yake: siku mbili kabla ya hedhi, au siku zake za kwanza. Sababu ni kwamba homoni inayoitwa estrojeni hushuka wakati huo, na ubongo wenye kipandauso hauupendi huo mshuko.

Sasa sikia. Miaka kadhaa kabla hedhi haijakoma, estrojeni haipungui polepole kama mafuta ya taa. Inapanda sana, inaanguka, inapanda tena. Hedhi inakuja baada ya siku 23, halafu inakawia siku 40. Kila mwanguko unaweza kuleta kichwa. Ndiyo maana mama aliyeumwa mara moja kwa mwezi anajikuta anaumwa kila wiki, na kwa ukali zaidi. Ongeza joto la usiku linalomkatiza usingizi, na kukosa usingizi nako huamsha kipandauso.

Chukua mfano wa mama wa miaka 46 anayeuza nguo mpakani Busia. Kichwa kimezidi. Anaambiwa ni malaria, anakunywa dawa bila kupima. Anaambiwa ni presha, lakini akipimwa iko sawa. Basi kila asubuhi anameza vidonge ili auze. Upande wa Uganda ananunua vya jina moja, upande wa Kenya vya jina jingine, na ndani yake vyote ni parasetamoli ile ile. Hapo anaweza kuzidisha dozi bila kujua, na ini ndilo linaloumia.

Mwambie achukue daftari. Kila siku aandike K kichwa kikiuma, H akiwa kwenye hedhi, D akimeza dawa. Baada ya miezi 4 daftari linasema hivi: mwanzoni K zilikaa karibu na H. Baadaye zimetapakaa mwezi mzima, na D ni siku 17 au zaidi kila mwezi. Hapo kuna mambo mawili. Homoni ilianzisha, lakini dawa sasa inaendeleza.

Parasetamoli au ibuprofeni ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, zaidi ya miezi 3, yenyewe huweza kuleta kichwa. Vile vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini, hata siku 10 zinatosha. Dalili yake ni kuamka na kichwa karibu kila siku, na dawa inayosaidia kwa saa chache tu. Kuacha ndiyo tiba, ila siku za kwanza kichwa huzidi kabla hakijatulia. Kwa hiyo aende kliniki na daftari lake. Mganga anaweza kumpa dawa ya kuzuia ya kila siku, kama propranololi au amitriptilini, baada ya kumpima. Propranololi haifai mwenye pumu, kwa hiyo usiazime ya jirani.

Kwetu sisi wa ushirika kuna hili pia. Kukesha na kufunga bila kunywa maji huamsha kipandauso. Mama wa namna hii akiomba alale au ale, tusimwite mvivu wa rohoni, wala tusiseme ana pepo.

Je, kitaisha? Hedhi ikishakoma miezi 12 mfululizo, estrojeni hukaa chini na kutulia, na wengi hupata nafuu baada ya mwaka mmoja au miwili. Si wote. Aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji, estrojeni yake huanguka ghafla, na kichwa chaweza kuzidi. Na mwenye kuona vimulimuli au mistari ya mwanga kabla ya kichwa, amwambie mhudumu kabla ya kupewa vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, maana vinamwongezea hatari ya kiharusi.

Mwisho, usilaumu homoni kwa kila kitu. Kichwa kipya kinachoanza baada ya miaka 50, kinachopasuka ghafla kwa dakika moja, chenye homa na shingo ngumu, au chenye mkono kulegea, mdomo kupinda au maneno kupotea: hicho ni cha hospitali siku hiyo hiyo. Baba, ndiyo sababu nilikuomba usome. Siku hiyo mama hatajipeleka mwenyewe. Wewe ndiwe utakayetafuta boda.