Stafilokoki Sugu kwa Methisilini: Kimeng'enya Kinachoendelea Kujenga Ukuta, na Tatizo la Kukipima katika Joto la Wajir

Utangulizi

Mwaka 1961 huko Uingereza, Patricia Jevons alitangaza kwamba baadhi ya bakteria wa aina ya Staphylococcus aureus, wale wanaosababisha majipu, vidonda vya usaha na sumu ya damu, hawakuuawa na methisilini, dawa iliyokuwa imeingia katika matibabu muda mfupi tu kabla ya hapo. Makala hii inaeleza jinsi protini moja inavyowawezesha bakteria hao kuishi, kisha inaonyesha kwa nini protini hiyohiyo ni rahisi kutotambuliwa katika maabara ya mahali penye joto kama Wajir.

Ukuta na dawa inayouzuia

Ukuta wa stafilokoki umefumwa kwa minyororo ya sukari iliyofungamanishwa na vipande vifupi vya asidi amino. Kila kipande huishia kwa alanini mbili, na kimeng'enya cha kufungamanisha hushika ile ya kwanza kati ya hizo, huiachilia ya mwisho, kisha hukiunga kipande hicho na daraja la glisini tano linalotoka kwenye mnyororo wa jirani. Penisilini na jamaa zake, yaani dawa zenye pete ya beta-laktamu, hufanana kwa umbo na zile alanini mbili, hivyo kimeng'enya huishika dawa kikidhani ni malighafi yake, pete hufunguka, na dawa hubaki imenasa mahali pa kazi. Kwa sababu hiyo vimeng'enya hivi huitwa protini zinazofungamana na penisilini. Vikishanaswa, seli huendelea kukua bila ukuta imara, na mwishowe hupasuka.

Protini iliyobadilika

Stafilokoki sugu wamepokea jeni iitwayo mecA, inayotengeneza protini ya ziada ya aina hiyo, PBP2a. Mahali pake pa kazi pamefunikwa, na serini inayopaswa kuishambulia dawa imekaa vibaya, kwa hiyo mmenyuko wa kunasa huenda polepole mno kwa viwango vya dawa vinavyopatikana mwilini. Ukuta unaojengwa ukigusa sehemu nyingine ya protini hiyo, iliyo mbali na mahali pa kazi, umbo lake hulegea na mlango hufunguka kwa ajili ya malighafi. Hata hivyo PBP2a haijitoshelezi, kwani haiwezi kurefusha minyororo ya sukari, nayo hutegemea PBP2 ya kawaida, ambayo sehemu yake ya kurefusha minyororo haiguswi na beta-laktamu. Hivyo protini moja hurefusha na nyingine hufungamanisha, na ukuta husimama.

Usugu huu haufanani na ule wa bakteria wanaoivunja penisilini kwa kimeng'enya cha penisilinasi. Asidi klavulaniki, inayochanganywa na amoksisilini, huzuia penisilinasi, lakini haibadilishi chochote katika PBP2a, na kloksasilini na seftriaksoni nazo hazifai.

Joto na kipimo

PBP2a hupimwa kwa kisahani cha karatasi chenye mikrogramu 30 za sefoksitini, kinachowekwa juu ya agari ya Mueller-Hinton iliyopakwa bakteria. Sefoksitini huchochea vizuri utengenezaji wa protini hiyo. Duara tupu lenye kipenyo cha milimita 22 au zaidi humaanisha kwamba bakteria hawana usugu huu, na milimita 21 au chini humaanisha kwamba wanao.

Usugu huu hudhihirika kwa unyonge zaidi kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo kipimo hufanywa kati ya nyuzijoto 33 na 35. Hapa ndipo tatizo la Wajir lilipo, kwani katika miezi ya Februari na Machi joto la mchana hufikia nyuzijoto 35 au zaidi, na inkubeta ya kawaida, yaani kabati la kuoteshea bakteria, huweza kuongeza joto lakini haiwezi kulipunguza. Ichukuliwe kwamba usaha wa jipu la mfugaji umetoa bakteria wenye duara la milimita 20 kwa nyuzijoto 35. Kabati likipanda hadi nyuzijoto 38, duara linaweza kupanuka hadi milimita 23, cheti kikaandikwa kwamba kloksasilini inafaa, na mgonjwa akapewa dawa ambayo haitamsaidia.

Dalili ya kosa hili huonekana kwa bakteria wa kulinganishia. Mbegu ya ATCC 43300, yenye mecA, lazima itoe milimita 21 au chini, na ATCC 25923, isiyo na usugu, itoe kati ya milimita 23 na 29. Mbegu ya kwanza ikivuka mpaka wake, majibu ya siku hiyo hayapaswi kutolewa, hata kama ya pili imetoa jibu sahihi, kwa kuwa mbegu isiyo na usugu haiwezi kufichua usugu uliofifia.

Hitimisho

Kwa maabara ya Wajir, kipimajoto kinachoonyesha joto la juu kabisa lililofikiwa, kikiwekwa ndani ya inkubeta na kusomwa kila asubuhi, pamoja na chumba kinachopozwa au inkubeta yenye uwezo wa kupoza, ni sehemu ya kipimo chenyewe. Bila hivyo, duara tupu lililopimwa kwa uangalifu linaweza kuonyesha joto la chumba badala ya tabia ya bakteria.