Kuhesabu nondo za kitako cha nguzo kabla ya kwenda dukani

(Mazungumzo na wanakamati wa ujenzi, Mwazye)



Leo tunazungumzia sehemu ya jengo ambayo hakuna atakayeiona siku ya kubariki. Ni kitako cha nguzo, lile zege la mraba linalokaa chini ya kila nguzo, ambalo mafundi wengi wanaliita besi. Tumekichagua kwa sababu nondo zake ni rahisi kuhesabu kwa daftari na kalamu, na bado ndipo orodha nyingi za manunuzi zinapokosewa. Zege likishamwagwa, hakuna mwanakamati anayeweza kufunua na kuhesabu.

Kwanza tuelewane nondo zinafanya nini mle. Nguzo inasukuma chini katikati ya kitako, na ardhi inasukuma juu chini ya kitako chote. Kwa hiyo kingo zake zinataka kupinda kwenda juu, na sehemu ya chini inavutika. Zege linavumilia sana kubanwa lakini linapasuka upesi likivutwa. Ndiyo maana nondo zinalazwa karibu na chini. Na kwa kuwa kitako kimetokeza pande zote nne za nguzo, nondo hulazwa njia mbili zinazokatana, kama mkeka. Huku kwetu kuna sababu ya ziada ya kutopunguza nondo hizo. Tunaishi kando ya bonde la Ziwa Rukwa, ambako tarehe 13 Desemba 1910 lilitokea tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa kurekodiwa Afrika katika karne ya ishirini. Nguzo ikitikiswa, upande mmoja wa kitako unaelemewa kuliko mwingine.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme parokia inajenga ukumbi wenye nguzo nane. Mchoro wa mhandisi unaonyesha kila kitako kina mita 1.5 kwa mita 1.5, yaani milimita 1500 kila upande, na unene wa milimita 400. Nondo ni za milimita 12, zimepangwa kila milimita 150 njia zote mbili, na kila ncha imekunjwa kwenda juu milimita 200. Kava, yaani zege linalofunika nondo, ni milimita 50, kwa sababu chini panamwagwa kwanza zege jembamba la kusawazisha. Kama zege lingemwagwa juu ya udongo mtupu, mhandisi angetaka kava kubwa zaidi, mara nyingi milimita 75, na hesabu yote ingebadilika. Kwa hiyo kabla ya kushika kalamu, soma kava kwenye mchoro.

Tuanze na idadi. Fundi mwenye haraka atagawa 1500 kwa 150 apate 10, na atakuambia nondo kumi. Lakini nondo ya kwanza haikai kwenye ukingo. Inaanza ndani ya kava, na ya mwisho vilevile. Toa milimita 50 kila upande, kisha nusu ya unene wa nondo kila upande, ambayo ni 6. Kutoka katikati ya nondo ya kwanza hadi katikati ya nondo ya mwisho inabaki milimita 1388. Gawa kwa 150 unapata 9.25. Hayo ni mapengo, siyo nondo. Pengo haliwezi kuwa robo, na mchoro hauruhusu kuzidisha 150, kwa hiyo tunapandisha hadi mapengo 10. Mnaofuga mnajua: ua wenye mapengo kumi una miti kumi na moja. Kwa hiyo nondo ni 11 njia moja, na 11 njia ya pili kwa kuwa kitako ni mraba. Jumla ni vipande 22 kwa kitako kimoja, na 176 kwa vitako vinane.

Tusitishane kuhusu yule fundi wa nondo kumi. Akizipanga sawasawa ndani ya kava, mapengo yake yatakuwa milimita 154 badala ya 150, na jengo halitaanguka kwa milimita nne. Lakini amepunguza chuma ambacho mhandisi alikitaka, na asiyejua kuongeza ile moja mara nyingi ndiye pia anayesahau njia ya pili.

Baada ya idadi tunakuja kwenye urefu wa kukata. Sehemu iliyolala chini ni 1500 ukitoa kava mbili za 50, yaani 1400. Ongeza miguu miwili ya 200 upate 1800. Lakini nondo ikikunjwa haifiki kwenye pembe kali. Inazunguka kona, na njia hiyo ni fupi. Kwa nondo ya 12 tunatoa mara mbili ya unene wake kwa kila kona, yaani 24, na kona ni mbili, basi tunatoa 48. Inabaki 1752. Kwa desturi ya kazi hii urefu hupandishwa hadi kipimo kinachogawanyika kwa 25, kwa hiyo tunakata 1775.

Kata kipande kimoja kwanza, kikunje, ukipime kutoka nje hadi nje. Kikitoa 1400 chini, endelea na vingine. Kikizidi, kile kilichozidi kinakula kava, na ncha itagusa udongo wa shimo. Hapo maji yanapata njia, nondo inashika kutu, na kutu inavimba na kupasua zege kutoka ndani.

Sasa tufike mahali ambapo fedha hupotea, nasi tunaomba tukae hapa kidogo. Vipande 176 vya mita 1.775 vina jumla ya mita 312.4. Nondo inauzwa ikiwa na mita 12. Mtunza hazina mwenye akili njema atagawa 312.4 kwa 12, apate 26 na kidogo, aandike nondo 27. Hesabu yake haina kosa hata kidogo, na nondo hazitatosha.

Nondo ya mita 12 inatoa vipande vizima sita vya 1.775, ambavyo ni mita 10.65. Kinachobaki ni kipande cha mita 1.35, na hicho hakifiki. Kwa hiyo lazima tugawe 176 kwa 6, siyo mita kwa mita. Inakuwa 29 na sehemu, yaani nondo 30.

Tuone kitakachotokea kwa yule aliyenunua 27. Zitatoa vipande 162. Vitako saba vitakula 154, kila kimoja kikiwa kimetimia, na kila mtu atafurahi. Kitako cha nane kitabakiwa na vipande vinane, yaani vinne kila njia, mahali palipotakiwa kumi na moja. Kando yake kuna rundo la masalia zaidi ya mita 36, lakini yote ni mafupi. Nondo nyingine ziko Sumbawanga, shimo liko wazi, na kama ni mwezi wa kumi na mbili mvua inaingia shimoni. Wenye vibarua wanasubiri. Ndipo mtu anaposema, "Tupanue tu mapengo." Ukifunga vipande vinne kwa umbali sawa, pengo moja ni zaidi ya milimita 460. Na hiyo nguzo ya nane itabeba paa sawa na wenzake.

Wengine husema waunganishe masalia mawili mawili. Kuunganisha kutakuwa katikati, chini ya nguzo kabisa, mahali nondo inapovutwa kuliko kwingine kote. Huo ni uamuzi wa mhandisi aliyechora, siyo wa fundi wala wa kamati.

Kuna swali ambalo kamati ina haki ya kumwuliza mhandisi mapema: je, hizo ncha zilizokunjwa ni za lazima kwa kitako hiki? Nondo hukunjwa ili ishikwe vizuri na zege. Nguzo ikiwa na milimita 300, kutoka uso wa nguzo hadi ukingo wa kitako kuna 600, na ukitoa kava nondo ina 550 za kujishikiza. Kwa zege la kawaida la majengo, nondo yenye mbavu huhitaji takriban mara arobaini ya unene wake, ambayo kwa nondo ya 12 ni 480. Huenda basi mhandisi akakubali nondo zilizonyooka za 1400. Hapo nondo moja ya mita 12 inatoa vipande vinane, na vipande 176 vinahitaji nondo 22 badala ya 30. Kitako kidogo cha mita moja hakina nafasi hiyo, na kukunja hakuepukiki. Mhandisi akisema ikunjwe, ikunjwe. Ila aulizwe kabla ya msumeno kuanza, na jibu lake liandikwe kwenye mchoro.

Wafadhili wetu huwa wanatuuliza kwa nini stakabadhi ya nondo inazidi mita za mchoro. Jibu ni hilo la masalia. Tunashauri kila orodha ya manunuzi iwe na mstari mmoja unaosema kila nondo inatoa vipande vingapi na kinabaki kipande cha urefu gani. Nondo za kusimamisha nguzo zenyewe ziandikwe kwenye mstari wake. Hazimo katika zile 30.

Nondo zikifika, zipimwe kwa mizani ileile ya mahindi. Nondo ya milimita 12 yenye mita 12 ina kilo 10.66, kwa hiyo kumi zinakaribia kilo 107. Zikija kilo 90, mmeuziwa nondo nyembamba ya milimita 11, hata kama stakabadhi imeandikwa 12. Zikija kilo 74 ni za milimita 10, na mmepoteza karibu theluthi ya chuma bila idadi kupungua hata moja. Pimeni na urefu, maana zipo zinazokuja pungufu ya mita 12. Kwa vipande sita vya mfano wetu inatosha ikifika mita 10.7 hivi.

Siku ya zege, mwanakamati mmoja ashuke shimoni kabla ya ndoo ya kwanza. Ahesabu kumi na moja njia moja, ageuke, ahesabu kumi na moja njia ya pili. Aangalie mkeka umekalia biskuti za saruji zenye unene wa milimita 50, siyo vipande vya tofali la kuchoma, ambavyo hunywa maji. Biskuti tisa zinatosha kitako kimoja, tatu kwa tatu. Akanyage mkeka, ukizama au ukicheza, ufungwe upya. Kisha aandike daftarini namba ya kitako, idadi na jina lake.

Nondo moja, futi na msumeno viko pale nje chini ya mwembe. Tutakata kipande kimoja cha 1775 na kukikunja pamoja, na kila kamati iondoke na kipimo chake.